Glukosi ya juisi ya mapera inasoma chini

"Wakuu, hapa Tabora napima glukosi kwenye juisi ya mapera. Rangi ya pinki inachelewa, majibu yako chini, hata nikizimua bado. Shida nini?"

Mkuu, mshukiwa wa kwanza ni vitamini C, na mapera yanayo tele. Glukosi oksidesi inatoa peroksidi ya hidrojeni, kisha peroksidesi inaitumia kutengeneza rangi. Vitamini C inaidaka njiani. Ndiyo maana tyubu hukaa nyeupe kwanza, halafu rangi inaanza kupanda; ya standadi hupanda mara moja.

Kuzimua hakusaidii kwa sababu glukosi na vitamini C vinapungua pamoja. Molekuli moja ya vitamini C huficha molekuli moja ya glukosi, kwa hiyo miligramu 200 za vitamini C zinaweza kuficha takriban miligramu 200 za glukosi. Fruktosi usiihofie, glukosi oksidesi haiigusi.

Chuja juisi, izimue, igawe mara mbili. Fungu moja litie askobeti oksidesi, kimeng'enya kinachoharibu vitamini C, jingine maji kwa ujazo uleule. Yaache kwa muda ulioandikwa kwenye kichupa, kisha pima glukosi ya yote kwa riejenti yako, nanomita 505. Kimeng'enya hicho kinaacha maji tu, si peroksidi, hivyo hakiongezi rangi. Fungu lenye kimeng'enya likisoma juu, tofauti ndiyo iliyokuwa inafichwa. Usisahau blanki ya juisi bila riejenti; mapera mekundu yana rangi yake.