Jibu: Makato madogo ya kila mwezi benki

"Benki inanikata pesa ndogo ndogo kila mwezi. Niwaulizeje bila kugombana?"

Ndugu, jirani yangu, mama mwenye duka la vyakula hapa Morogoro, aliomba taarifa ya akaunti ya miezi sita, akapigia mstari kila kato asilolielewa. Ada ya uendeshaji na ya ujumbe mfupi alizikuta kwenye mkataba wake, akaziacha; lakini shilingi 1,500 za kadi zilikatwa mara mbili kila mwezi, kwa sababu kadi yake iliyopotea ilibadilishwa bila ile ya zamani kufungwa kwenye mfumo.

"Samahani, mwanangu," alimwambia kijana wa huduma kwa wateja, "hebu nionyeshe hii kadi ya pili anaitumia nani." Kijana akatazama kompyuta, akanyamaza, akamwita msimamizi.

Mama hakupandisha sauti, ila hakuondoka mpaka nakala ya barua yake ya malalamiko ilipogongwa muhuri wa kupokelewa, kwani ukipeleka malalamiko Benki Kuu, wao hutaka kuona kwanza kwamba ulilalamika kwenye benki yako (hapo ndipo wengi hukwama). Alirudishiwa shilingi 9,000 za miezi ile sita. Za nyuma zaidi bado anazifuatilia.