Fungu la dharura: jinsi lilivyopita kwenye kamati yetu Nzega

"Kamati ya fedha imefyeka asilimia 10 ya dharura niliyoweka kwenye bajeti ya madarasa mawili. Mwenyekiti anasema hiyo ni hela ya kula tu. Nawajibuje?"

Mkuu, usirudi kwao na asilimia. Asilimia 10 haina maelezo, na mtu mwenye jukumu la kulinda fedha za watu ana haki ya kuikata.

Sisi bajeti yetu ilikuwa milioni 60. Kabla ya kikao nilimwomba fundi achimbe mashimo kwenye pembe nne za kiwanja. Pembe mbili zilikuwa na ule udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Gharama ya kuchimba zaidi kwenye pembe hizo niliihamishia kwenye fungu la msingi, kwa sababu kitu ukishakijua si dharura tena. Usafiri na vibali navyo vina mafungu yao.

Kwenye dharura nikabakiza matatu. Udongo ule ukiendelea hadi chini ya kuta za kati, nyongeza ni milioni 4, na uwezekano ni nusu kwa nusu. Saruji, nondo na bati vya milioni 15 vikipanda bei kwa asilimia 8, ni milioni 1.2, nusu kwa nusu pia. Mvua za Novemba zikituwahi kabla ya kupaua, kazi itasimama na mlinzi ataendelea kulipwa: milioni 1.5, uwezekano mmoja kati ya mitatu. Ukizidisha kila gharama kwa uwezekano wake na kujumlisha, unapata milioni 3.1.

Hapo ndipo wengi hukosea. Hesabu hiyo ni wastani, na wastani hufaa ukiwa na hatari nyingi zinazofidiana. Ukiwa nazo tatu tu, tatizo la msingi likitokea peke yake linaimaliza milioni 3.1 na bado hujatoka ardhini. Kwa hiyo niliomba milioni 4, yaani kiasi cha kuibeba ile kubwa kuliko zote.

Mhazini akauliza, "Fundi akijua ipo, si ataila?" Swali zuri. Nikamjibu, "Mzee, haimo kwenye mkataba wa fundi." Iko kwenye fungu la kamati, na haitoki bila vipimo, picha na sahihi ya mhazini mwenyewe. Vigae au rangi ya bei ghali havigusi fungu hilo. Kisha nikampa donge la ule udongo alishike. Alilivunja vunja kimya, akauliza kina cha shimo.

Kilichowalainisha zaidi ni ratiba ya kurudisha: hatari ikishapita, hela isiyohitajika tena inarudi kwa kamati. Msingi ulikula milioni 1.8 ya dharura, ikabaki 2.2. Hatari kubwa iliyobaki ilikuwa mvua, milioni 1.5, basi wiki ileile niliwaandikia barua ya kurudisha laki 7, kabla hawajaniuliza.