Kupunguza "yaani" na "kwa kweli" kwenye hotuba

> "Jumamosi namuaga mwalimu mkuu wetu huku Likoni. Dadangu asema hotuba imejaa 'yaani', 'kwa kweli', 'kimsingi' na 'tu'. Nizitoe zote?"

Si zote, ndugu. Soma sentensi kwa sauti bila neno lenyewe. Maana isipopungua, futa. "Nataka tu kusema asante" yatosha kuwa "Asante, mwalimu." Lakini "tulikuwa na madarasa mawili tu" iache, hapo "tu" ndiyo habari yenyewe. Vivyo hivyo "kwa kweli" ikiwa yasahihisha dhana: "Wengi walimwona mkali, kwa kweli alikuwa na haya."

Sasa chukua hii: "Kwa kweli mwalimu alikuwa, yaani, kimsingi mzazi wetu." Ukifuta, yabaki "Mwalimu alikuwa mzazi wetu." Safi, ila imepoa (kila hotuba ya kuaga husema hivyo). Maneno yale yalikuwa yakitafuta nguvu, basi wape wasikilizaji tendo, kwa mfano: "Feri ikichelewa, mwalimu alitungoja langoni, na hakuna aliyefungiwa nje."

"Yaani" ya mdomoni haifutiki kwa kalamu. Mahali inapokutoka, chora mstari wima kwenye karatasi, ukifika hapo unyamaze, uvute pumzi, ndipo uendelee.