Sidiria ya kunyonyeshea: zile za bei zisubiri arobaini

Kila mja mzito anayeniuliza anunue lini sidiria za kunyonyeshea, namjibu vivi hivi: sasa nunua mbili laini zisizo na waya, na zile nzuri za bei ziache mpaka umalize arobaini. Wengi hawalipendi jibu hili. Mtu akiingia mwezi wa tisa anataka kila kitu kiwe tayari kabatini, na akipita madukani pale Biashara Street muuzaji hakosi kumwambia, "Mama, chukua tatu nikupunguzie." Kupunguziwa ni raha, lakini kifua anachokipima siku ile sicho atakachokuwa nacho akitoka arobaini.

Sidiria ina vipimo viwili. Namba, kama 34 au 36, ni ya mkanda unaozunguka mbavu. Herufi ni ya kikombe. Mimba ikikua, mbavu hutanuka na namba hupanda. Mtoto akishazaliwa, mbavu hurudi taratibu kwa wiki kadhaa. Kikombe kina safari yake nyingine. Huongezeka tangu miezi ya mwanzo ya mimba, hupanda kwa kishindo maziwa yakishuka, halafu hutulia. Maana yake ni kwamba baada ya kujifungua, namba inateremka wakati herufi bado inapanda.

Wifi yangu nilimpima mwenyewe kwa futi ya fundi cherehani. Kipimo cha kwanza hupita chini ya maziwa, futi ikibana kidogo, akiwa ameshusha pumzi. Cha pili hupita juu ya chuchu, futi ikiwa imelegea, na usawa wa mgongoni uwe sawa na wa mbele. Ukitoa cha kwanza kwenye cha pili unapata herufi: inchi 1 ni A, 2 ni B, 3 ni C, 4 ni D, 5 ni DD. Kabla ya mimba alikuwa akivaa 34B. Alipokaribia kujifungua, chini palikuwa inchi 36 na juu 40, yaani 36D. Alipotoka arobaini, chini palikuwa pamerudi 34. Juu tulipima mara mbili asubuhi ile ile: kabla ya kunyonyesha alikuwa na 39, na mtoto aliposhiba akabaki na 38. Kwa hiyo akijaa ni 34DD, akishanyonyesha ni 34D.

Nilimwambia achukue DD. Kikombe kinachokunjika kidogo baada ya mtoto kushiba hakimdhuru mtu, lakini kinachobana ziwa lililojaa kinaweza kuziba njia ya maziwa, ukaanza uvimbe mgumu, mara ziwa likawa jekundu na homa ikaja. Wala usisahau nafasi ya pedi ya kuzuia maziwa. Kama ziwa moja ni kubwa kuliko jingine, jambo la kawaida kabisa kwa anayenyonyesha, fuata lile kubwa.

Sasa tuseme alikuwa amenunua zile 36D tatu za kupunguziwa. Hapa ndipo wengi hushangaa: kikombe cha 36D na cha 34DD huchukua ujazo ule ule, kwa sababu herufi hutegemea namba iliyo mbele yake. Angevaa, angejitazama kwenye kioo mbele, angeona mambo sawa. Tatizo lingekuwa nyuma. Mkanda wa 36 kwenye mbavu za 34 hupanda mgongoni, mbele kifua kikashuka, na uzito wote ukahamia kwenye mikanda ya mabega. Jioni mtu analalamika shingo, akidhani ni kwa kuinama kumnyonyesha mtoto. Kujua kama mkanda umelegea, inua mikono kama unayefunga kilemba: ukipanda, ni mkubwa. Vidole viwili vipite chini yake bila kusukuma. Mkono mzima ukipita, ni mkubwa pia.

Hizo mbili laini za kabla ya kujifungua ndizo za siku zile ngumu. Siku mbili tatu za mwanzo kuna dang'a, na kifua bado ni kile ulichokizoea. Maziwa yenyewe hushuka kati ya siku ya pili na ya tano, na hapo kifua kinaweza kupanda herufi nzima au mbili na kuwa kigumu kama embe bichi. Siku hizo hakuna kipimo cha kushika. Chukua kitambaa cha pamba chenye kuvutika, kisicho na mshono unaopita katikati ya kikombe, na hasa kwa joto letu hili, kisichohifadhi jasho. Kama unanunua ukiwa mwezi wa tisa, ifunge kwenye kulabu za mwisho, zile za kulegeza. Mbavu zikirudi utasogea kulabu za ndani.

Arobaini yetu imekaa pazuri katika hesabu hii. Karibu na wiki ya 6 mwili huwa unaacha kutengeneza maziwa kwa wingi wa kubahatisha na kuanza kufuata anavyonyonya mtoto. Ule uvimbe wa mwanzo hupungua, maziwa yakawa laini, na hapo ndipo mzazi huambiwa na jirani kwamba yamekauka, uji wa pilipili manga uongezwe. Uji ni mtamu, unywe. Lakini kama mtoto analowesha nepi 6 au zaidi kwa siku na uzito wake unapanda kliniki, maziwa yapo. Kilichopungua ni kipimo cha sidiria tu. Kwa wengine kutulia huku huchelewa wiki chache zaidi, basi kama kifua bado kinapanda na kushuka sana, subiri kidogo.

Ukienda kununua, nenda ziwa likiwa limejaa kiasi, si dakika ile ulipomaliza kunyonyesha. Fungua klipu kwa mkono mmoja, kwa sababu wa pili utakuwa na mtoto. Kisha angalia kikombe kikishuka kinaacha nini: zingine zina ukanda wa ndani unaozunguka ziwa lote, na ukiwa mwembamba hukata chini ya ziwa. Ukivua ukaona alama nyekundu iliyozama, iache dukani. Mitumba ya Kongowea huwa na nzuri sana, ila vuta mkanda uuachie. Usiporudi haraka, mpira umechoka. Nyingi zina namba za Ulaya: 75 ni 34 yetu, 80 ni 36.

Tatu zinatosha: moja mwilini, moja kwenye kamba, moja kabatini. Wakati wa masika ongeza moja, maana hazikauki. Usinunue zaidi ya hapo, kwa sababu mtoto akianza kula baada ya miezi 6 kipimo hushuka tena polepole. Wifi sasa mwanawe anakula wali na samaki, na tulipompima juzi, chini ni 34 ile ile na juu 37. Anatafuta 34C mbili, na zile DD keshamfungia mdogo wake aliyejifungua Likoni.