Mkaguzi wa ndani, orodha ya walioacha kazi itafute mwenyewe

Kampuni yetu inapitisha mizigo ya migodi kwenye forodha ya Kasumbalesa. Biro kubwa iko hapa Lubumbashi, wenzetu wachache wanakaa mpakani. Mteja mmoja alipodai cheti cha ISO/IEC 27001, kiwango cha usalama wa habari, kabla ya kutia sahihi mkataba mpya, direkta alinitoa kontabilite akanipa kazi ya ukaguzi wa ndani. Nawaandikia ninyi mnaopewa kazi hiyo kwa mara ya kwanza, maana sehemu moja nusura initoroke, na naamini iko katika kampuni nyingi za mji huu.

Njia yenyewe kwa ufupi. Kampuni inachora kwanza mipaka ya mfumo wake. Kwetu ilikuwa karatasi za mizigo na kompyuta zinazozishughulikia, Lubumbashi na Kasumbalesa. Halafu inapima hatari, inaamua itazipunguzaje, na inaandika tamko linaloeleza ni zipi kati ya hatua 93 za usalama za Kiambatisho A cha kiwango hicho inazitumia, zipi imeziacha, na sababu ya kila moja. (Mtu akikuuzia hati zenye hatua 114, hizo ni za toleo la 2013, usizinunue.) Baada ya hapo watu wanafanya kazi kwa utaratibu huo miezi kadhaa ili ushahidi upatikane. Ndipo unakuja ukaguzi wa ndani, kisha kikao cha uongozi cha kupitia matokeo, na mwishoni wakaguzi wa shirika linalotoa cheti, maana ISO yenyewe haitoi. Hao wanakuja mara mbili: kwanza wanapima hati na utayari wenu, kisha wanaangalia kazi inavyofanyika. Cheti kinadumu miaka 3, na kila mwaka wanarudi kukagua sehemu.

Kifungu cha 9.2 kinataka mkaguzi wa ndani asielemee upande wowote. Kwa hiyo mimi sikugusa kontabilite, nilikotoka. Mwenzangu wa lojistiki aliikagua.

Nilianza na hatua ya 5.18 ya Kiambatisho A, inayohusu haki za kuingia kwenye mifumo: zinavyotolewa, zinavyopitiwa upya na zinavyoondolewa. Kiwango hakisemi ziondolewe ndani ya saa ngapi. Kinataka kampuni iweke kanuni yake na kuifuata. Kanuni yetu ilisema akaunti inafungwa siku ileile mtu anapoacha kazi.

Kijana wa informatiki alinipokea vizuri. “Orodha ya wafanyakazi tuliowafunga iko tayari, mukubwa.” Majina tisa, tarehe zote safi, hakuna aliyechelewa. Nilikuwa karibu kuandika kwamba hatua inafuatwa. Lakini orodha ile ingeweza kunionyesha tu watu ambao informatiki iliwakumbuka. Aliyesahauliwa hangekuwemo, na mimi nilikuja kumtafuta huyo hasa.

Nikaenda kwa mama wa ofisi ya wafanyakazi. Nilimwuliza, “Mama, mtu akiacha kazi, karatasi yake inaenda wapi?”

“Inaenda kontabilite, papa. Kule ndiko wanamfanyia dekonti ya mwisho.”

“Na informatiki?”

“Wale wanasikia tu.”

Rejista yake ya miezi 12 ilikuwa na watu 11, wawili zaidi ya wale tisa. Kisha nikauliza kuhusu mastajiere. Hawako kwenye rejista, akanijibu, kwa sababu hawana mushahara, wanapewa tu pesa ya usafiri kutoka kesi. Nikamwomba mwenzangu wa lojistiki daftari la kesi, tukapata mastajiere sita waliokuja na kuondoka mwaka ule, kila mmoja na akaunti yake. Jumla ikawa watu 17.

Nilikaa kando ya yule kijana, akaandika amri hii ya PowerShell mbele yangu. Karatasi iliyochapishwa jana usiipokee, angalia mfumo ukijibu wenyewe:

```
Get-ADUser -Filter 'Enabled -eq $true' -Properties LastLogonDate |
  Select-Object SamAccountName, LastLogonDate
```

Inaonyesha akaunti zilizo wazi na siku ya mwisho ya kuingia. Kati ya watu 17, wanne walikuwa bado wazi: wale wawili wa rejista na mastajiere wawili. Hapa uwe mwangalifu. `LastLogonDate` haiandikwi upya kila mtu anapoingia, inaweza kubaki nyuma hata siku 14. Tarehe ya zamani haithibitishi kwamba akaunti haikutumika juzi. Lakini tarehe iliyo baada ya mtu kuondoka inataka maelezo, na akaunti moja ya Kasumbalesa ilionyesha siku 23 baada ya mwenyewe kuacha kazi.

Direkta alitaka tumwite yule aliyeondoka na kumshtaki. Nilimwomba asubiri, kwa sababu tarehe inasema akaunti imetumika, haisemi nani alikuwa kwenye kiti. Tulipopiga simu mpakani, sefu wa pale hakuficha kitu. Mfanyakazi mpya alifika na akaunti yake ilichukua zaidi ya wiki mbili kutoka Lubumbashi. Malori yamepanga foleni, dekleresheni zinangoja. Wakampa jina na nenosiri la aliyeondoka.

Kwa hiyo kasoro zilikuwa mbili, na ya pili ilikuwa nzito zaidi. Kwa wiki hizo dekleresheni zilibeba jina la mtu ambaye hakuwepo. Hatua ya 5.16, inayohusu utambulisho wa watumiaji, nayo ilikuwa imevunjwa. Niliandika ya kwanza hivi: “Kanuni ya kampuni inataka akaunti ifungwe siku ya kuacha kazi. Kati ya watu 17 walioondoka katika miezi 12, akaunti 4 zilikuwa wazi siku ya ukaguzi. Ushahidi: rejista ya wafanyakazi, daftari la kesi, jibu la mfumo.” Kanuni, kilichoonekana, ushahidi. Sikuandika “informatiki ni wazembe”, maana sikuwa na ushahidi wa hilo, na kweli hawakuwa wazembe. Hakuna aliyekuwa akiwapa habari.

Jioni ile akaunti nne zikafungwa na direkta akaniuliza kama sasa tufunge faili. Hapana. Kifungu cha 10.2 kinatenganisha kurekebisha kilichoharibika na kuondoa chanzo chake. Kufunga akaunti nne ni la kwanza tu, mwezi ujao zingekuwa nyingine. Chanzo kilikuwa karatasi isiyofika informatiki, mastajiere wasioandikwa popote, na akaunti mpya inayochelewa. Hilo la mwisho usiliache: ukifunga akaunti za zamani haraka huku mpya zikichukua wiki mbili, watu wa mpakani watakopeshana nenosiri la aliyepo.

Tukakubaliana mambo matatu. Kontabilite hailipi dekonti ya mwisho bila sahihi ya informatiki kwenye karatasi ya kuondoka. Stajiere anaandikwa kwenye rejista kabla ya pesa ya kwanza ya usafiri, na akaunti yake inawekewa tarehe ya kujifunga yenyewe. Na ombi la akaunti mpya linatumwa siku mkataba unapotiwa sahihi, bila kungoja mtu afike kazini.

Baada ya miezi 3 nikarudi, kwa njia ileile, rejista na daftari la kesi kwanza. Watu watano walikuwa wameondoka. Wanne walifungwa siku ileile. Wa tano aliacha kazi Jumamosi, informatiki haikuwepo, akafungwa Jumatatu. Nikaliandika hilo pia, na kasoro ya kwanza nikaiacha wazi mpaka wakapanga nani anashika zamu ya Jumamosi.