Pointi za dukani ni asilimia ngapi?

"Duka la hapa Mtwara linanipa pointi 1 kila nikinunua kwa 1,000, na pointi 500 ni vocha ya 5,000. Inalipa?"

Ndugu yangu, gawa 5,000 kwa 500: pointi 1 ni shilingi 10. Ukiipata kwa kutumia 1,000, hiyo ni asilimia 1 tu. Vocha moja inadai manunuzi ya 500,000, na pointi 480 zikiisha muda, umepata sifuri.

Sasa angalia bei. Sukari ikiwa 3,000 hapo na 2,900 duka la jirani, pointi zinakurudishia 30 huku umelipa 100 zaidi. Chukua pointi pale bei zinapolingana. Kwa mwenye familia, hiyo 70 kila kilo inauma.