Kizibo cha hereni kikinasa kwenye ndewe iliyovimba

Kabla hujagusa hereni, geuza sikio uangalie nyuma yake kwenye mwanga wa kutosha. Kama unakiona kizibo chote na kingo zake zote ziko nje ya ngozi, unaweza kukitoa nyumbani. Kama ngozi imeshaanza kukifunika, au hukioni kabisa na mahali pake umebaki uvimbe wenye tundu na gaga, usijaribu. Nenda zahanati. Ninasuka nywele na kutoga masikio, na kwa masikio niliyoletewa yakiwa yamevimba, huko kuangalia nyuma ndiko kunakoamua mambo yote. Wengi hawaangalii. Wanashika ua la mbele na kuvuta.

Kuvuta kwa mbele hakusaidii, kwa sababu kizibo kiko upande wa pili. Ukivuta ua, unakibana kizibo ndani ya nyama, na ndewe inazidi kuvimba.

Sikio likitogwa huwa linavimba kidogo siku za mwanzo, hiyo ni kawaida. Tatizo linakuja kijiti cha hereni kikiwa kifupi na kizibo kimesukumwa mpaka kimegusa ngozi. Ndewe inavimba lakini haina pa kwenda, basi inabanwa mbele na nyuma. Damu haipiti vizuri, majimaji yanakaukia kwenye kizibo, mtoto analalia sikio hilohilo usiku, na baada ya muda ngozi inaanza kupanda juu ya chuma. Wenye ndewe nene ndio wanaopata shida hii zaidi, maana hereni za bunduki ya kutogea huja na kijiti cha urefu mmoja kwa kila mtu.

Mama mmoja aliniletea binti yake wa miaka saba. Ndewe ya kushoto ilikuwa imetuna na ngozi inang'aa. Kwa ngozi zetu nyeusi usisubiri kuona wekundu. Pitisha mgongo wa kiganja kwenye sikio moja, kisha jingine, ulinganishe joto. La kushoto lilikuwa na joto kidogo, lakini halikuwa na usaha, mtoto hakuwa na homa, na kizibo nilikiona chote, ila gaga lilikuwa limekigandisha. "Shangazi, usivute," aliniambia. Nikamwambia hatutavuta kitu mpaka sikio lenyewe lilegee.

Mama alishampa parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake karibu nusu saa kabla. Tukamkalisha wima, maana akilala damu inajaa kichwani na uvimbe hautapungua. Nikafunga barafu kwenye kitambaa safi na kuiweka kwenye ndewe kwa kama dakika kumi, nikiitoa kila alipolalamika. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja, inaunguza. Uvimbe ukishuka hata kidogo tu, unapata nafasi ya kuweka kucha kati ya kizibo na ngozi, na hiyo nafasi ndiyo unayoitafuta.

Kisha nikashughulikia gaga. Robo kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka vuguvugu. Nikalowesha kipande cha shashi, nikakishikilia nyuma ya sikio mpaka gaga likalainika na kutoka lenyewe. Usilibandue kwa kucha, na usitumie pamba, nyuzi zake hujisokota kwenye kijiti. Nikakausha sikio na hereni vizuri, kwa sababu chuma chenye maji kinateleza, na vidole vikiteleza ndipo mtoto anapoumia. Nikatandika taulo begani ili kizibo kikidondoka kisipotee wala mtoto asikitie mdomoni.

Sasa lazima ujue ni kizibo cha aina gani. Vile vya kawaida vyenye masikio mawili kama kipepeo husukumwa tu na kutoka kwa kuvutwa. Hereni nyingi za dhahabu za watoto zina kizibo cha kuzungusha, na hicho ukikivuta mpaka kesho hakitoki. Unakifungua kinyume cha saa. Kama hujui, zungusha kidogo kwanza uone kama kinasogea taratibu kwenye kijiti. Vipo pia vya usalama ambavyo lazima ubonyeze pande zote mbili kwa pamoja ndipo viachie.

Cha binti huyu kilikuwa cha kipepeo. Mkono wa kushoto nilishika ua la mbele likatulia kabisa, bila kuvuta. Kwa mkono wa kulia nikashika kizibo kwenye kingo zake, nikakitikisa kidogo huku na huku, nikikirudisha nyuma kwa mstari ulionyooka na kijiti. Hereni za bunduki zina mkwaruzo karibu na ncha ambako kizibo hujifunga, kwa hiyo mwishoni utahisi kinakataa. Hapo ndipo watu huogopa na kuacha. Endelea kutikisa, kitapita. Kilipotoka, ua nikalitoa kwa mbele polepole.

Kama umejaribu mara mbili bila kusogea, au damu imeanza kutoka, acha. Usichukue koleo la fundi, wala wembe, wala sindano ya kushonea. Zahanati watachoma ganzi kwenye ndewe, na ikibidi watapasua kidogo kwa nyuma na kukitoa kwa kibano. Ni kazi ndogo kwao, na jeraha safi linapona vizuri kuliko ndewe iliyochanika.

Baada ya kutoa, endelea na maji ya chumvi vuguvugu mara mbili au tatu kwa siku. Spiriti acha, inakausha na kuchoma nyama mpya na kuchelewesha kupona. Dawa ya meno, majivu na mafuta ya taa visikaribie kidonda.

Sasa kuna hali ambazo hata kama kizibo kinaonekana, mimi sigusi. Usaha wa njano au kijani wenye harufu, homa, uvimbe unaotoka kwenye ndewe na kupanda au kushuka shingoni, au tezi zilizovimba chini na nyuma ya sikio: hapo ni daktari siku hiyohiyo. Ukitoa hereni mwenyewe kwenye sikio lenye usaha, tundu linaweza kujifunga na kuufungia ndani. Mwenye kisukari naye asisubiri. Na kama chanjo ya pepopunda ni ya zamani au hamkumbuki, mtajieni mhudumu.

Ninalolihofia zaidi ni sikio lililotogwa juu, kwenye gegedu. Gegedu haina mishipa yake ya damu, inalishwa na ngozi inayoizunguka, kwa hiyo maambukizi yakiingia hapo yanaweza kuiua, na sikio likabaki limejikunja maisha yote. Sehemu ya juu ikiwa na joto, ikauma ukiigusa, na ndewe ya chini iko sawa, usianze na barafu wala chumvi. Kimbilia hospitali, atahitaji dawa ya kuua vijidudu mapema.

Zikiwasha ndewe zote mbili zaidi ya kuuma, zikawa na vipele na kutoa majimaji, mara nyingi ni aleji ya nikeli. Hiyo itarudi kila ukivaa hereni zilezile hata ukizisafisha vipi.

Binti yule tulimwacha bila hereni mpaka ndewe ikapona kabisa. Tundu likajifunga, na alipotogwa tena mama alichagua kijiti kirefu zaidi, na kizibo nikakiacha mbali kidogo na ngozi.